Karata Nyeusi Ikae Mkononi Hadi Lini?

Katika mchezo wa Uno hakuna karata inayotupwa kwa kelele kama ile nyeusi yenye +4. Anayeitupa huinuka kidogo kwenye kiti, huibamiza mezani na kutaja rangi anayoitaka, na jirani yake huanza kuokota huku akinung'unika. Mchezo unaendelea. Lakini mara nyingi karata hiyo huwa imetupwa kinyume cha sheria, na jirani aliyeokota nne alikuwa na haki ya kukataa. Watu wengi hawalijui hilo, kwa sababu mchezo huu tumefundishwa na ndugu na marafiki, wala si na kile kijikaratasi cha maelezo kilichomo ndani ya boksi.

Sheria yenyewe ni fupi. Huruhusiwi kutupa +4 ikiwa mkononi una karata nyingine yenye rangi sawa na rangi inayotawala mezani. Ikiwa mezani pana nyekundu na wewe unayo nyekundu hata moja, +4 yako inapaswa kusubiri. Sheria inaangalia rangi peke yake. Ukiwa na karata ya namba inayolingana lakini ya rangi nyingine, bado uko huru kuitupa. Sheria hii inaihusu +4 tu. Waildi ya kawaida, ile nyeusi inayobadilisha rangi bila adhabu, unaitupa wakati wowote zamu yako inapofika.

Kwa asiyeujua mchezo vizuri, yafaa nieleze kilichomo ndani ya boksi. Uno ya asili ina karata 108. Kuna rangi nne, nyekundu, njano, kijani na buluu, na kila rangi ina karata 25: sifuri moja, namba 1 hadi 9 mbili mbili, karata mbili za kumruka anayefuata, mbili za kugeuza mwelekeo, na mbili za +2. Zinazobaki ni nane nyeusi, yaani waildi nne za kawaida na +4 nne. Kila mchezaji hugawiwa saba. Unatupa karata inayofanana na ya juu mezani kwa rangi, kwa namba au kwa alama. Ukikosa, unaokota moja, na ikifaa unaweza kuitupa papo hapo. Wa kwanza kubaki mikono mitupu ndiye mshindi wa raundi, naye hujumlisha pointi za karata zote zilizobaki mikononi mwa wenzake. Namba huhesabiwa kwa thamani yake, karata za kuruka, kugeuza na +2 ni pointi 20 kila moja, na nyeusi zote ni 50. Anayefikisha 500 ameshinda mchezo.

Aliyeubuni ni kinyozi wa Kimarekani, Merle Robbins wa jimbo la Ohio, mwaka 1971, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kubishana na mwanawe kuhusu sheria za mchezo wa karata za kawaida unaoitwa kwao Nane za Kichaa. Tangu 1992 mchezo uko mikononi mwa kampuni ya Mattel. Mabishano ya sheria, kama tutakavyoona, hayakuisha.

Turudi kwenye +4, maana hapo ndipo penye akili ya mchezo wote. Anayetakiwa kuokota nne ana haki ya kumpinga aliyeitupa, na ni yeye peke yake mwenye haki hiyo. Akipinga, mtuhumiwa humwonyesha karata zake yeye tu, wengine hawaoni. Ikikutwa rangi iliyokuwa mezani, mkosaji ndiye anayeokota nne na aliyepinga anasalimika. Isipokutwa, aliyepinga anaokota sita badala ya nne na zamu yake inapita.

Watu huliogopa sana hilo neno sita. Lakini tazama hesabu ilivyo. Usipopinga, nne utaziokota vyovyote vile na zamu utaipoteza. Ukipinga ukakosea, umeongeza mbili tu juu ya zile nne. Ukipinga ukapatia, umeokoa nne. Kwa hiyo unahatarisha mbili ili uokoe nne. Ukipinga mara tatu, ukapatia moja na kukosea mbili, umeokoa nne na kuongeza nne, yaani hukupata wala hukukosa. Na hapo bado hatujahesabu zile nne alizookota mwenzako siku uliyopatia, wala zamu yako iliyobaki salama. Kwa maneno mengine, huhitaji kuwa na uhakika ndipo upinge. Inatosha uone kuna uwezekano wa moja kwa tatu kwamba anakudanganya, na kama mko wawili tu mezani hata chini ya hapo inalipa, kwa sababu kila karata anayookota mpinzani wako pekee ni faida yako moja kwa moja.

Sasa utajuaje kama anadanganya? Kitu cha kwanza ni idadi ya karata zilizobaki mkononi mwake. Tuseme mezani pana nyekundu. Mtu mwenye karata sita nyingine baada ya kutupa +4, kama karata hizo zingekuwa zimemfikia kwa bahati tu, ana nafasi kama moja kwa tano ya kutokuwa na nyekundu hata moja. Mwenye tatu, nafasi yake ni kama asilimia 45. Mwenye moja, ni zaidi ya asilimia 75. Kwa hiyo +4 inayotupwa mwanzoni mwa raundi na mtu aliyeshika mkono mnene ni ya kutilia shaka, na ile ya mwenye karata mbili mara nyingi ni halali. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa karata za mkononi huchujwa kadiri mchezo unavyokwenda, na mchezaji mwaminifu huisubiri siku yake. Ndiyo maana kuna kitu cha pili, ambacho nakiamini zaidi: kumbukumbu. Je, raundi iliyopita nyekundu ilipokuwa mezani alitupa nyekundu bila kusita, au aliokota? Aliyeokota juu ya nyekundu na asitupe kitu, kisha zamu inayofuata akatoa +4 juu ya nyekundu hiyo hiyo, karibu hakika anasema kweli. Aliyebadilisha rangi kuwa nyekundu yeye mwenyewe zamu mbili nyuma, kisha leo anatoa +4 juu ya nyekundu, huyo mpinge. Mtu huchagua rangi aliyonayo nyingi.

Kuna dalili ya tatu, nayo huwatoka watu bila kujua. Sikiliza rangi anayoitaja baada ya kuitupa. Mezani palikuwa nyekundu, naye akataja nyekundu tena. Kama kweli hana nyekundu, kwa nini aichague? Mjanja anaweza kufanya hivyo makusudi ili akunase uokote sita, lakini wengi hujisahau tu, wakaomba rangi waliyoizoea.

Na hata ukipinga ukakosea, hukutoka patupu. Umeziona karata zake zote. Kwa gharama ya karata mbili za ziada unajua rangi gani hana, kama ameficha waildi nyingine, na namba zipi anazisubiri. Kama amebakiwa na nne au tano, taarifa hiyo inaweza kukuongoza hadi mwisho wa raundi, mradi ukumbuke kila anachookota baadaye.

Sasa tuhamie upande wa anayeishika. Mchezaji mgeni akipata karata nyeusi huiona kama msaada wa dharura, akaitupa mara ya kwanza anapokosa rangi. Mchezaji mzoefu huiona kama mlango wa kutokea. Fikiria umebaki na karata mbili, nyekundu 7 na waildi, na mezani pana nyekundu 3. Zote mbili zinafaa. Ukitupa waildi kwanza na kutaja nyekundu, umebaki na nyekundu 7, na wachezaji wote watakaopita kabla ya zamu yako kurudi watajitahidi kuiondoa nyekundu mezani. Ukitupa nyekundu 7 kwanza, umebaki na waildi. Wabadilishe rangi wanavyotaka, wataje njano, waweke buluu, zamu ikikurudia umemaliza. Kitakachokuzuia ni kurukwa, kuokoteshwa, au mwingine kumaliza kabla yako. Karata ile ile, mkono ule ule, ila mpangilio mmoja unategemea huruma ya wenzako na mwingine hautegemei.

Hata +4 huwa huru kabisa hapo mwishoni. Ikiwa ndiyo karata yako ya mwisho, huna rangi nyingine yoyote mkononi, kwa hiyo haiwezi kuwa haramu. Hakuna wa kukupinga akafaulu. Tena sheria rasmi inaruhusu kumaliza kwa karata ya adhabu, na anayefuata anaokota kabla ya pointi kuhesabiwa. Kwa hiyo unatoka mchezoni na kumwongezea jirani karata nne ambazo zote zinaingia kwenye hesabu yako.

Basi kwa nini tusizishike siku zote hadi mwisho? Kwa sababu ya zile pointi 50. Mwenzako akimaliza wewe ukiwa na waildi moja, umempa sehemu ya kumi ya mchezo mzima kwa karata moja. Ukiwa nazo mbili, umempa 100. Mimi huangalia vitu viwili: nina karata ngapi, na aliye karibu zaidi kumaliza ana ngapi. Nikiwa na tatu na yeye ana tano, waildi yangu inakaa. Nikiwa na sita na yeye ana mbili, sina matumaini ya kuitumia kama mlango wa kutokea, na kila zamu ninayoishika namlimbikizia pointi. Hapo naitupa, na naitupa kwa faida, yaani kwa kutaja rangi ninayojua hana.

Kuishika waildi kunakupa pia uhuru wa namna ya kuupanga mkono. Kwa kawaida ni hatari kubaki na rangi moja tu, kwa sababu rangi hiyo ikiondoka mezani unaokota mfululizo. Mwenye waildi hana hofu hiyo, anaweza kuirudisha rangi yake siku anayotaka. Kwa hiyo anaweza kumaliza nyekundu zake zote mapema, kisha na njano, abaki na kijani nyingi na buluu moja. Na kama karata nyeusi aliyonayo ni +4, kumaliza rangi kuna faida nyingine. Kila mara nyekundu au njano itakapotawala mezani, +4 yake ni halali. Hahitaji kudanganya, na atakayempinga ataokota sita. Kudanganya kumo ndani ya mchezo na simlaumu anayefanya hivyo, lakini naona raha kubwa zaidi kutupa +4 halali mbele ya mtu aliyeshawishika kwamba nadanganya.

Hebu tuutazame mchezo mmoja kwa karibu. Mmekaa wanne. Kushoto kwako, anayefuata baada yako, ni binamu, mwenye karata tano. Mbele yako ni shangazi, mwenye mbili. Kulia ni mjomba, mwenye sita. Wewe una nne: kijani 6, kijani +2, njano 9 na waildi. Mezani pana kijani 3 na zamu ni yako.

Mkono unawasha utupe ile +2. Usiitupe. Anayeokota ni binamu, ambaye hamtishi mtu, na +2 pia humpokonya zamu yake. Maana yake shangazi, mwenye karata mbili, anacheza mara moja, juu ya kijani ile ile, bila mtu wa kumzibia njia. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lolote: watu husahau kwamba kila karata ya adhabu ni karata ya kuruka pia. Ukimpiga jirani asiye na hatari, umemsogeza aliye na hatari hatua moja karibu na ushindi. Silaha hizo hazilengi mbali, zinampata anayefuata tu, na kwa hiyo thamani yake inategemea nani amekaa kushoto kwako na ana ngapi. Laiti shangazi angekuwa kwenye kiti cha binamu, +2 ingetoka bila kufikiri mara mbili.

Unatupa kijani 6. Binamu anaweka buluu 6. Shangazi anatupa buluu 1 na kusema "Uno!" Mjomba anaweka buluu 8. Zamu inarudi kwako ukiwa na kijani +2, njano 9 na waildi, na shangazi amebakiwa na moja. Cha kutupa unacho kimoja tu, waildi. Ungeweza kuokota badala yake, sheria inakuruhusu kutotupa, na hivyo ukabaki na mlango wako wa kutokea. Lakini buluu ingebaki mezani, na huna ushahidi wowote kwamba karata ya shangazi si buluu. Akimaliza, waildi 50, +2 ishirini na ile 9 zinamfikia yeye: pointi 79 kutoka kwako peke yako, kabla ya ile uliyookota. Waildi lazima itoke.

Utaje rangi gani? Wengi wangetaja kijani, kwa kuwa wana +2 ya kijani wanaitamani. Lakini kumbuka jambo lililotokea raundi mbili nyuma. Mezani palikuwa njano, shangazi akaokota moja, akaitazama, akaiweka mkononi. Tangu hapo hajaokota tena, ametupa tu. Kama angekuwa na njano angeitupa, na hata ile aliyookota ingekuwa njano angeitupa papo hapo. Kwa hiyo karibu hakika karata aliyoishika si njano. Unataja njano. Wewe mwenyewe una njano 9, basi hujajifungia mlango.

Binamu, akiwa amejua pia kinachoendelea, anaweka njano 4. Shangazi anakunja uso, anaokota, ana mbili sasa. Mjomba anatupa njano 0. Unatupa njano 9 na kusema "Uno!", ukibaki na kijani +2. Sasa unahitaji kijani ije mezani au +2 yoyote. Si uhakika kama ule wa kushika waildi. Hiyo ndiyo bei uliyolipa kumzuia shangazi, na ilistahili kulipwa. Binamu akiweka kijani 9 na waliobaki wakaifuata kijani hiyo, unamaliza kwa +2, binamu anaokota mbili zaidi, na pointi zao zote ni zako.

Kama katika meza ile ungekuwa na karata ya kugeuza, ungekuta tofauti kati ya kuchelewesha na kuadhibu. Aliyekaa kushoto kwako akiwa na karata moja, ukigeuza, zamu inakimbilia kulia na yeye anakuwa wa mwisho kucheza kabla yako. Umepata muda, na wenzako wawili sasa wana kazi ya kumzuia, ila wewe huwezi tena kumpiga kwa +2 kwa sababu hakufuati. Na aliye kulia kwako akiwa na karata moja, usigeuze kamwe. Unampa zamu moja kwa moja.

Yote niliyoyasema yanategemea sheria rasmi, na meza nyingi hazizifuati. Sheria ya mtaani inayopendwa kuliko zote ni kupandisha: ukipigwa +2 na wewe una +2, unaiweka juu, anayefuata anaokota nne, au naye anapandisha, na kuendelea. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwenye mtandao kwamba haikubaliki: ukipigwa +4 unaokota na zamu inapita, huwezi kuweka +2 juu yake. Mashabiki waliwaka, na wengi wakaendelea kucheza kama walivyozoea. Sioni ubaya, mradi mkubaliane kabla ya kugawa. Lakini jueni kwamba kupandisha kunageuza mbinu. Katika sheria rasmi +2 ni ya kushambulia tu. Palipo na kupandisha inakuwa kinga pia, na kuitupa mapema ni kujivua nguo. Shika moja hadi mwisho, na usianzishe mlolongo wa +2 isipokuwa una ya pili mkononi, maana mkiwa wanne mlolongo huweza kukuzunguka ukakurudia ukiwa na nane za kuokota.

Wakenya hawatashangazwa na hayo. Kadi, mchezo wanaoucheza kwa karata za kawaida, umejengwa juu ya mapigo ya namna hiyo hiyo: 2 huokotesha mbili, 3 huokotesha tatu, joka huokotesha tano, na anayepigwa anaweza kuisukuma adhabu mbele kwa karata ya adhabu, au kuizima kwa A, ambayo pia ndiyo hutumika kuomba rangi ya karata. Sheria ndogondogo hutofautiana kutoka kijiwe hadi kijiwe, lakini moja niliyoikuta kwa wengi inaipindua Uno kabisa: huruhusiwi kumaliza kwa karata ya adhabu wala kwa A. Mtu aliyezoea Uno akiingia kwenye kadi, anaficha joka lake hadi mwisho kama alivyozoea kuficha +4, anatangaza "Niko kadi", kisha anagundua kwamba ameshika karata isiyoweza kumtoa. Kule karata kubwa hutumika katikati ya mchezo, na ile unayoitunza ya kumalizia ni 4, 5 au 9 ya kawaida, pamoja na A moja ya kuita rangi yake zamu moja kabla.

Mkiwa wawili tu, Uno inabadilika tena, na hapo ndipo karata za adhabu zinapofika kilele. Karata ya kugeuza hufanya kazi ya kuruka, kwa sababu hakuna pa kugeukia. Kuruka, kugeuza, +2 na +4 zote zinamnyima mpinzani zamu, na zamu inarudi kwako. Maana yake ni kwamba karata hizi, zikitupwa mfululizo, hazimwachii nafasi ya kujibu. Tuseme mezani pana nyekundu 5 na una karata tano: nyekundu ya kuruka, nyekundu ya kugeuza, nyekundu +2, buluu +2 na buluu 5. Unaruka, zamu ni yako. Unageuza, zamu ni yako. Unaweka nyekundu +2, anaokota mbili, zamu ni yako. Buluu +2 inafaa juu ya nyekundu +2 kwa alama, anaokota mbili nyingine, na hapo useme "Uno!" kwa sauti, kwa sababu imebaki moja. Unaweka buluu 5.

Ukianza na buluu +2, huna njia, kwa kuwa haifanani na nyekundu 5. Ukianza na nyekundu +2 kisha buluu +2, umehama nyekundu na zile mbili za nyekundu zimekwama mkononi. Mpangilio ni ule mmoja tu: maliza za rangi iliyoko mezani kwanza, na uvuke kwenda rangi ya pili kwa alama inayofanana. Kwa hiyo katika mchezo wa wawili, zile karata za kuruka na kugeuza ambazo wakati wa wanne ungezitupa ovyo mapema, zikusanye. Tumia namba zako kupunguza mkono, na kila zamu jiulize kama zilizobaki zinaweza kushikana kutoka karata ya juu mezani hadi ya mwisho. Zikishikana, mpinzani akiwa na karata mbili au kumi na mbili haijalishi tena.